Hadithi ya Kichina ya siku ya soko: dhana potofu na ukweli

Hadithi fupi za Kichina za kuanzia, zinazoandikwa kwa herufi za kawaida tu ili mwanafunzi azisome mwenyewe, zinasomwa na hata kuandikwa kwa dhana zisizo sahihi. Tazama hii:

今天人很多。妈妈去买鱼。
“鱼多少钱一斤?”
“十五块。”
“太贵了!十块,行不行?”
“不行,十三块。”
妈妈走了。
“回来,回来!十块就十块!”

Leo watu ni wengi, mama kaenda kununua samaki. Anatajiwa yuan 15, anataka 10, muuzaji anashuka hadi 13. Mama anaondoka, ndipo anaitwa arudi.

Dhana: Ukizijua herufi zote, hadithi umeielewa.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Herufi zote za mstari wa mwisho hufundishwa mapema, lakini 十块就十块 si kumi na kumi nyingine. Kitu kikirudiwa pande zote mbili za 就, msemaji anakubali kwa shingo upande: haya, kumi na iwe kumi. Asiyeujua muundo huo anaweza kudhani muuzaji anadai 20, na utamu wote wa kisa umempita. Vivyo hivyo 多 ni nyingi na 少 ni chache, ila zikikaa pamoja, 多少, zinauliza kiasi gani. Kichina hakiachi nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo msomaji ndiye anayetafuta zinapoungana. Mwandishi makini huhesabu maneno na miundo, haishii kwenye herufi.

Dhana: 斤 ni kilo.

China bara ni gramu 500. Samaki wa yuan 15 kwa 斤 moja ni yuan 30 kwa kilo.

Dhana: Soko lililofurika haliandikiki bila majina ya kila mboga.

菜, 鱼 na 肉, yaani mboga, samaki na nyama, zinatosha. Pilikapilika za soko zinaletwa na sauti za watu wanaopatana bei. Hatari kubwa zaidi iko kwenye 买, kununua, na 卖, kuuza. Kwa macho zinatofautiana kwa kijimsalaba cha juu tu, na kwa sikio ni toni: mǎi ni toni ya tatu, mài ya nne. Kwa anayeanza, kuziweka zote mbili katika mstari mmoja ni kumchanganya. Ndiyo maana hapo juu muuzaji hatajwi, anasikika tu.

Dhana: Pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, ikiwekwa juu ya kila herufi humsaidia msomaji.

Jicho hukimbilia herufi za Kilatini lilizozizoea, na zile za Kichina haziangaliwi. Afadhali pinyin ya maneno mapya pekee iwekwe chini ya hadithi. Kisha muulize msomaji mama atauziwa samaki kwa bei gani. Akijibu 13, mrudishe kwenye mstari wa mwisho, mfafanulie 就, asome tena.