Kutoa keshi kwa kadi ya mkopo: kwa nini riba huanza siku ileile

Mwezi Julai binamu yangu anayeuza vitambaa Kariakoo alinipigia simu amekasirika. "Kaka, nimelipa deni lote la kadi, tena tarehe ya mwisho haijapita. Mbona wananidai tena shilingi 19,302?" Nikamwomba aniletee taarifa zake mbili za kadi, ya Juni na ya Julai. Benki haikuwa imekosea hesabu. Ila hakuna aliyemweleza, siku anachukua kadi, kwamba ndani yake mna mikopo ya aina mbili.

Tarehe 5 Juni alifanya mambo mawili. Asubuhi alinunua friji dogo la dukani kwake kwa shilingi 400,000, akachomeka kadi kwenye mashine ya muuzaji. Mchana mwenye fremu akataka kodi yake, naye hapokei kadi. Basi akaenda ATM akatoa shilingi 1,000,000 kwa kadi ileile. Kwake yeye hayo yalikuwa matumizi ya kadi tu, jumla milioni moja na laki nne. Kwenye taarifa, friji liliandikwa `Purchase`, na zile pesa za ATM ziliandikwa `Cash Advance`. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoamua kila kitu kilichofuata.

Tuanze na friji, maana habari yake ni fupi. Ununuzi wa dukani una kipindi cha kulipa bila riba, ambacho wengi hukiita siku za neema. Benki hufunga hesabu ya mwezi, kwa kadi yake ni tarehe 30 Juni, kisha hukupa mpaka tarehe fulani ulipe, kwake ni 20 Julai. Ukilipa deni lote la taarifa kufikia tarehe hiyo, na hukuwa na deni la nyuma, friji ulilochukua tarehe 5 Juni umelikopea siku 45 bila riba. Ukilipa sehemu tu, neema hiyo huondoka.

Keshi haina siku hizo hata moja. Saa ya riba inaanza kuhesabu siku noti zinapotoka kwenye mashine. Kufunga hesabu tarehe 30 hakuisimamishi, na tarehe ya mwisho ya kulipa haiihusu. Kabla hata ya riba kuna ada ya kutoa, na kwenye kadi ya binamu yangu ilikuwa asilimia 3 ya kiasi alichotoa, yaani shilingi 30,000. Ada hiyo iliongezwa kwenye deni palepale, kwa hiyo riba ikaanza kuhesabiwa juu ya shilingi 1,030,000. Riba yenyewe ilikuwa asilimia 36 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, unapata takriban shilingi 1,016 kila siku inayopita, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Kuanzia tarehe 5 mpaka 30 Juni ni siku 26. Riba yake ni shilingi 26,413. Taarifa ya Juni ikatoka: friji 400,000, keshi 1,000,000, ada 30,000 na riba 26,413. Jumla 1,456,413. Binamu yangu akasubiri, kama alivyozoea, akalipa kiasi hichohicho tarehe 20 Julai. Lakini kati ya tarehe 1 na 19 Julai saa ilikuwa inaendelea. Siku 19 zile zilizaa shilingi 19,302 ambazo taarifa ya Juni isingeweza kuzionyesha, kwa sababu ilipochapishwa zilikuwa bado hazijazaliwa. Hizo ndizo zilizotokea kwenye taarifa ya Julai. Milioni moja ya kodi ya fremu ilimgharimu shilingi 75,715 kwa siku 45. Friji halikumgharimu hata senti juu ya bei yake.

Sasa, kwa nini benki ileile, kadi ileile, mteja yuleyule, iwe na roho mbili namna hii? Watu wengi husema ni tamaa ya benki. Mimi naona jibu liko kwa mtu ambaye hatumfikirii, muuza friji. Ukilipa kwa kadi, muuzaji hapati laki nne kamili. Anakatwa asilimia fulani ya mauzo, na sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa wewe kadi. Kwa hiyo benki yako imeshapata kitu hata kama hutalipa riba kamwe. Kwa maneno mengine, siku zako za neema zinachangiwa na mwenye duka.

Kwenye ATM hakuna mwenye duka. Mtiririko wa malipo unageuka: kama mashine ni ya benki nyingine, benki yako ndiyo inayoilipa benki hiyo kwa huduma ya kukutolea pesa. Hakuna wa kuchangia, kwa hiyo gharama yote inakuangukia wewe, kwa njia ya ada na ya riba ya tangu siku ya kwanza. Juu ya hilo, wakopeshaji humwona mtu anayetoa keshi kwa kadi ya mkopo kama mtu ambaye huenda amebanwa, na hatari hiyo nayo huwekwa kwenye bei. Ndiyo maana kadi nyingi hutoza keshi riba kubwa kuliko ununuzi, na huweka kikomo kidogo cha keshi ndani ya kikomo chako chote cha mkopo.

Mtego hauko kwenye ATM peke yake. Mitandao ya Visa na Mastercard humpa kila mpokea malipo namba ya aina ya biashara yake. ATM ni 6011, michezo ya kubahatisha ni 7995. Benki ikisoma namba ya kundi linalofanana na keshi, kama kamari, kununua fedha za kigeni, au pengine kuhamisha pesa kwenda kwenye pochi ya simu, inaweza kuyahesabu malipo hayo kama keshi, hata kama hukugusa noti. Dalili ni ileile: mstari wa `Cash Advance` na ada pembeni yake.

Kama keshi imeshatoka, usisubiri taarifa. Hilo ndilo nililomwambia binamu yangu kwa msisitizo. Angerudisha shilingi 1,030,000 tarehe 10 Juni, riba ingekuwa ya siku tano tu, kama shilingi 5,080. Ada ya 30,000 isingerudi, hiyo hukatwa hata ukilipa kesho yake. Lakini kuna jambo la kuuliza kabla ya kutuma pesa: malipo yakiingia, yanapunguza nini kwanza? Mpangilio huo umo kwenye masharti ya kadi. Kama benki inaanza na ununuzi, laki nne za kwanza zingemaliza deni la friji, lisilo na riba, na keshi ingebaki na deni linaloendelea kuzaa.

Na ukitaka kufunga deni la keshi moja kwa moja, usitumie kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa. Piga simu benki, uliza: "Nikilipa leo, pamoja na riba mpaka leo, jumla ni shilingi ngapi?" Lipa kiasi hicho siku hiyohiyo. Binamu yangu alilipa zile 19,302, na taarifa ya Agosti ikaja na sifuri.