Vilele vikihama, kampaundi ni ile ile

"Mwalimu, nimeongeza kasi ya skani, vilele vimehama. Potensheli ya kampaundi imebadilika?" Mwanafunzi, Tanga.

Hapana. Tuseme unapima ferisianidi kwa voltametria ya mzunguko, yaani unapandisha na kushusha volti huku ukisoma vilele vya mkondo: kwa milivolti 50 kwa sekunde vilele viko volti 0.20 na 0.27; kwa 500, viko 0.17 na 0.30. Vimeachana, lakini wastani wao, ambao ndio makadirio ya potensheli unayoitafuta, umebaki 0.235. Pengo kati yao limepanuka kwa sababu ama elektroni zinachelewa kuvuka kwenye elektrodi, ama ukinzani wa myeyusho unakula volti. Ili kujua ni kipi, punguza ferisianidi mara kumi, chumvi inayopitisha umeme na kasi usiviguse. Pengo likipungua sana, ni ukinzani; likibaki vile vile, elektroni ndizo zinazochelewa. Mimi siamini pengo lolote kabla ya jaribio hili.