Umedokezewa kazi na mwenzako wa chuo, umefanya usaili: dhana potofu kuhusu ujumbe wa shukrani

Mdogo wangu wa kike, mzaliwa wa Tororo aliyesomea mambo ya ununuzi na uchukuzi Kampala, alidokezewa kazi na kijana waliyesoma naye. Kijana alikuwa amemtangulia miaka miwili na sasa yuko Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Alimwambia mambo mawili tu. Kwanza, kwamba wanatafuta karani wa nyaraka na bahasha zinapokelewa ofisini mpaka Ijumaa. Pili, kwamba kazi yenyewe ni ya kukaa mbele ya kompyuta, kwa hiyo asiende na vyeti peke yake, ajizoeze kusoma ankara na kujaza hati ya kutangaza mizigo kwenye mfumo wa ASYCUDA World, ambao mamlaka ya mapato ya Uganda huutumia.

Akaitwa. Akafanya usaili Jumatano asubuhi. Jioni tukakaa sebuleni na simu yake, na ndipo nilipogundua kwamba karibu kila alichokuwa anaamini kuhusu kushukuru kilikuwa kinamsukuma kwenye shimo. Mimi mwenyewe nimekaa mpakani miaka kadhaa na jumbe za namna hiyo nimezipokea. Najua zinavyosomwa upande wa pili.

Dhana: Ngoja majibu kwanza, ukipata kazi ndipo ushukuru.

Ukweli ni kwamba unachomshukuru mtu huyu ni fununu, na fununu imeshafanya kazi yake siku ulipoitwa. Kukupa kazi hakumo mikononi mwake. Ukingoja majibu, unamwambia bila kutamka kwamba neno lake lina thamani likizaa mshahara tu. Usaili mwingi hauzai mshahara, kwa hiyo wengi hungoja, wanakosa, wanaona haya, wanakaa kimya. Aliyedokeza anabaki hajui hata kama uliitwa.

Tena kwake kuna jambo la vitendo. Akiwa yumo ndani ya ofisi, huenda kesho asubuhi mkuu wake akamwuliza, "Yule binti wa jana mnafahamiana?" Ni vizuri awe amesikia kutoka kwako kwamba ulikuja. Basi tuma siku ile ile ya usaili au kesho yake, ukishatulia. Usitume ukiwa kwenye taksi ya kurudi, mikono ingali inatetemeka na umejaa maneno.

Dhana: Ukishukuru, mkumbushe pia asikusahau.

Rasimu ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa hivi:

"Kaka asante sana, Mungu akubariki, bila wewe nisingefika popote. Intavyu imeenda vizuri. Tafadhali usinisahau kwa hao wakubwa wako, nitakutafuta."

Isome kama anavyoisoma yeye, mezani, karani mwenzake akichungulia begani. Sentensi ya kwanza ni ya kawaida. "Usinisahau kwa hao wakubwa wako" ni ombi la kupenyezewa. "Nitakutafuta" Uganda nzima inajua maana yake: kuna kitu kitafuata. Kijana aliyekuwa amempa habari ambayo yeyote angeweza kuipata akisimama mlangoni pa ofisi, sasa ana ujumbe kwenye simu yake unaomfanya aonekane dalali wa ajira. Nimewahi kupokea ujumbe wa aina hiyo na sikuujibu kwa wiki nzima. Aliyeutuma alidhani ninaringa. Sikuwa naringa, nilikuwa sijui nijibu nini kisichonitia matatani.

Ombi na shukrani zikiwekwa bakuli moja, msomaji huonja ombi tu.

Dhana: Basi eleza kila kitu kilichotokea, ndipo ataona kweli alikusaidia.

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu nusu ya dhana hii ni sahihi. "Asante kwa kila kitu" ni maneno mepesi. Hayamwambii ni neno lake lipi lililokufaa. Nilimwambia mdogo wangu ataje jambo hasa. Akaandika rasimu ya pili:

"Kaka, zile ulizoniambia ndizo zilizokuja! Walinipa ankara, wakaniambia nijumlishe nauli ya meli na bima kwenye bei ya bidhaa nipate thamani ya forodha, kama ulivyosema. Swali la pili lilikuwa…"

Nikamnyang'anya simu, kweli kabisa.

Kijana hakumpa mtihani. Kwamba thamani ya forodha ya mzigo unaoingia huanzia kwenye bei, ukaongeza nauli na bima, ni somo la wiki ya kwanza kwa yeyote anayegusa kazi hii, na mtu yeyote wa Malaba au Busia angemwambia ajizoeze hivyo. Lakini "zile ulizoniambia ndizo zilizokuja" yanasomeka kama mtihani ulivuja. Picha ya ujumbe huo ikifika kwa meneja wa wafanyakazi, watu wawili wako hatarini, na mmoja wao ana kazi tayari. Halafu kuna la pili: usaili ulikuwa unaendelea mpaka Alhamisi. Huenda kijana ana mwenzake mwingine wa darasa aliyeitwa siku hiyo. Ukimwandikia maswali, umemtwika siri asiyoiomba.

Mpaka ni huu: taja kwa undani ushauri aliokupa na ulichofanya nao kabla ya usaili. Usitaje kilichoulizwa ndani ya chumba. Ushauri ni wake na maandalizi ni yako, lakini maswali ni mali ya ofisi.

Rasimu ya tatu ndiyo iliyotumwa:

"Kaka, habari za kazi. Leo nimefanya usaili wa ile nafasi ya karani wa nyaraka. Nakushukuru kwa kunijulisha kwamba bahasha zinapokelewa ofisini, nisingejua. Nakushukuru pia kwa kunihimiza nijizoeze kazi yenyewe badala ya kutegemea vyeti: nilikaa siku nne nikisoma ankara na kuzipangilia, na nilipoingia sikuwa na woga wa kompyuta. Nangoja majibu kutoka ofisini kwenu kama wengine. Yakija, nitakujulisha vyovyote yatakavyokuwa. Wasalimie nyumbani."

"Kama wengine" ni maneno mawili tu lakini yana uzito: yanamwambia kijana kwamba humtazamii afanye lolote. Ahadi ya kumjulisha inamwondolea mzigo wa kwenda kuulizia kwa niaba yako. Ujumbe wote unaweza kusomwa kwa sauti mbele ya meneja na hakuna atakayekunja uso. Mimi hutumia kipimo hicho kila mara aliyedokeza anapokuwa mfanyakazi wa mahali pale. Kama yuko nje, yaani aliona tangazo tu akakutumia, unaweza kulegeza kidogo, ila maswali bado usiyamwage kabla usaili haujafungwa.

Dhana: Shukrani ya mdomo mtupu ni ya mchoyo. Mtumie chochote kwenye simu.

Naelewa inapotoka. Kwetu mtu haendi kumshukuru mwenzake mikono mitupu, hata kilo ya sukari hubebwa. Lakini pesa ya simu inayoingia kwa mfanyakazi wa kampuni, kutoka kwa mwombaji kazi, kabla ya majibu, haitasomwa kama sukari. Ina jina lako, saa na kiasi. Sheria ya Uganda ya kupambana na rushwa ya 2009 haiishii kwa watumishi wa serikali, inawagusa na wa kampuni binafsi. Hata kama hakuna atakayeenda mahakamani, umempa mwenzako kazi ya kueleza. Elfu kumi ya muda wa maongezi ni ile ile. Majibu yakishatoka, ukimkuta stendi mkanywa soda, hiyo ni soda.

Dhana: Si rafiki yangu sana, alinitupia neno moja tu. Hakuna haja.

Mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1973, aliwauliza watu wa mji mmoja wa Massachusetts waliopata kazi kupitia mtu: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliosema "mara nyingi" hawakufika hata 17 kwa 100. Wengi, zaidi ya 55 kwa 100, walisema "mara mojamoja", na karibu 28 walisema "kwa nadra". Maelezo yake ni mepesi: rafiki wa karibu anajua unayoyajua, ila yule uliyemwona mara ya mwisho siku ya mahafali anapita njia nyingine na anasikia mengine. Kijana wa Malaba ni mtu wa namna hiyo kabisa. Mlikuwa hamsalimiani, kwa hiyo usipomwandikia sasa hakuna mahali pengine mtakapokutana.

Na kama unaogopa kwamba ataona unajipendekeza, watafiti wengine wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, walionyesha mwaka 2018 kwamba wanaoandika barua za shukrani hukisia vibaya: hudhani mpokeaji ataona haya kuliko inavyokuwa, na hawatarajii furaha kubwa kiasi anachokipata. Mwandishi huhangaikia ufundi wa maneno, msomaji husoma joto lake.

Dhana: Shukuru kwenye kikundi cha wahitimu ili wote waone.

Hapana. Mwandikie peke yake. Kwenye kikundi cha watu mia mbili umetangaza kampuni, nafasi na mtu wa ndani kwa mpigo mmoja, na kufikia jioni simu yake itakuwa na vyeti vya watu asiowajua.

(Kuhusu lugha: tumia ile aliyokudokezea nayo. Wapo wanaodhani Kiswahili Uganda ni cha askari na wafanyabiashara wa mpakani, ingawa baraza la mawaziri lilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2022. Kama mlizoea Kiluganda, "weebale nnyo" haitapungua uzito. Kibaya ni kuhama ghafla kwenda kwenye Kiingereza cha barua za ofisini, ukamwita "mheshimiwa" mtu mliyegombania naye kitanda cha hosteli.)

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na mbili. Alikosa. Akaandika siku ile ile, kama alivyoahidi:

"Kaka, ofisi imenijulisha leo kwamba nafasi amepewa mwingine. Nilisema nitakuambia. Nakushukuru tena, yale mazoezi hayajaniacha."

Hakuomba nafasi nyingine, wala hakuuliza ni nani aliyepewa. Kijana alijibu baada ya robo saa, kwa swali: "Pole dada. Una kile cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki?" Hana. Sasa ananisumbua mimi kuhusu karo.