Kamisheni ya dalali: mnunuzi aliyepotea, kisha akarudi kusaini

Siku dalali anapomleta mnunuzi hakuna anayegombana na mtu. Ugomvi huja miezi baadaye, mnunuzi yuleyule anapoibuka, akakaa na mwenye mali bila dalali kuitwa, na mkataba ukasainiwa. Dalali anasema karukwa. Mwenye mali anasema mnunuzi kaja mwenyewe. Kila mmoja ana kanuni yake kichwani, na mara nyingi kanuni zote mbili zina kasoro.

Tuchukue kisa kimoja tuende nacho. Mwenye ghala anamwambia dalali amtafutie mnunuzi: bei 400,000, kamisheni asilimia 3. Hawaandiki chochote zaidi ya ujumbe wa simu wenye maneno hayo. Mwezi Machi dalali anamleta mwenye kampuni ya usafirishaji, anamzungusha ghalani na kumpa vipimo na nakala ya hati. Mnunuzi anatoa ofa ya 350,000, mwenye ghala anaikataa, kisha kimya. Agosti mnunuzi anapata mkopo, anachukua namba ya mwenye ghala kwenye ile nakala ya hati na kumpigia moja kwa moja. Wanakubaliana 370,000 na kusaini.

Dhana: Aliyemleta mnunuzi ameshapata chake

Kuleta peke yake hakutoshi. Mahakama za Uingereza, na za nchi nyingi zilizorithi mfumo wake wa sheria, huuliza swali moja: je, kazi ya dalali ndiyo chanzo halisi cha mauzo haya? Kuwa mtu wa kwanza kulitaja jina la mnunuzi si jibu.

Mfano mzuri ni kesi ya kampuni ya udalali ya Foxtons, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2008. Foxtons walimwonyesha mteja nyumba, naye hakuitaka. Baadaye dalali mwingine alimrudisha pale pale, wakati bei imeshuka, na safari hii akanunua. Foxtons walidai kamisheni kwa kuwa mkataba wao ulitaja mnunuzi aliyeletwa na wao. Mahakama ilisema maneno hayo yanamaanisha mtu aliyefikishwa kwenye ununuzi. Kumfikisha mtu kwenye nyumba tu ni jambo jingine. Walishindwa.

Miaka zaidi ya mia moja kabla ya hapo, mwaka 1903, dalali aliyempata mpangaji alidai kamisheni ya mauzo baada ya mpangaji huyo kuinunua nyumba aliyokuwa akiishi. Alishalipwa kwa upangaji. Kwa mauzo hakupata kitu, kwa sababu uamuzi wa kununua ulikuwa jambo jipya lililozaliwa baada ya kazi yake kwisha.

Dhana: Mnunuzi akija mwenyewe, dalali ametoka

Hii ndiyo dhana inayopendwa zaidi na wenye mali, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 1910, katika shauri la kampuni ya makaa ya mawe ya Gowrie na Blockhouse kutoka Nova Scotia, Kanada, rufaa ilifika hadi London. Dalali alikuwa amemkutanisha mwenye migodi na mnunuzi. Baadaye mwenye migodi aliwauzia watu haohao kwa siri, tena kwa masharti ambayo dalali alikuwa amemshauri asiyakubali. Alipodaiwa, akajitetea kwamba mauzo yale hayakuwa ya dalali. Majaji walikataa. Kuwakutanisha watu wawili wanaotaka kuuziana, walisema, huenda ndiyo sehemu ngumu na ya gharama kubwa kuliko zote, na mwenye mali akifaidika nayo kwa mlango wa nyuma, kazi ya dalali bado yaweza kuwa chanzo cha mauzo.

Turudi ghalani. Mnunuzi wa Agosti ni yuleyule wa Machi. Mali ni ileile, hitaji lake ni lilelile, na hata namba aliyopiga ilitoka kwenye karatasi aliyopewa na dalali. Kilichobadilika ni fedha tu: Machi hakuwa nazo za kutosha, Agosti akazipata. Hilo ni mazungumzo yaliyosimama kisha yakaendelea, si biashara mpya. Kwa maoni yangu dalali huyu anadai vizuri.

Lakini badili jambo moja uone. Tuseme Mei mnunuzi alinunua ghala lingine akaachana na hili, kisha Novemba biashara yake ikakua, akahitaji la pili, na akaliona hili kwenye tangazo lililowekwa na mtu mwingine. Hapo uzi umekatika. Au tuseme dalali wa pili ndiye aliyemtafutia mkopo, akamshusha mwenye ghala kutoka 400,000 na kuwakalisha meza moja. Hapo swali si tena nani alianza, ni nani alifanya mauzo yatokee. Miezi ya ukimya haihesabiwi kama saa ya mbio. Kinachotazamwa ni kilichotokea ndani yake.

Bei kushuka, kwa njia, hakuondoi haki. Asilimia 3 inahesabiwa kwa bei iliyouzwa kweli, kwa hiyo dalali wetu anadai 11,100 badala ya 12,000. Ingekuwa tofauti kama makubaliano yalisema kamisheni inalipwa endapo tu mali itauzwa kwa kiasi fulani au zaidi. Wengine huandika hivyo makusudi.

Dhana: Sahihi ikishawekwa, kamisheni imeiva

Hapa ndipo madalali wengi huumia, maana wanachanganya mambo mawili: kustahili na kudai. Kazi yako inaweza kuwa chanzo cha mauzo, na bado siku ya kulipwa haijafika.

Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo nchi kadhaa ziliiga, inasema malipo ya wakala kwa kufanya tendo fulani hayadaiwi mpaka tendo hilo likamilike, isipokuwa pawe na makubaliano maalumu. Basi tendo ni lipi? Kumpata mnunuzi? Kusainiwa kwa mkataba? Au fedha kulipwa na umiliki kuhamishwa? Neno lililoandikwa ndilo linaloamua. "Kamisheni italipwa mkataba utakaposainiwa" ni ahadi moja. "Itatoka kwenye fedha za mauzo" ni ahadi nyingine kabisa, kwa sababu fedha zisipoingia hakuna cha kuikatia.

Na kama hakuna neno lililoandikwa? Mahakama ya Juu ya Uingereza ilijibu mwaka 2019. Mwenye majengo na dalali walizungumza kwa simu, wakataja asilimia 2 na kodi juu yake, wala hawakusema italipwa lini. Mnunuzi akapatikana kwa pauni milioni 2.1 na mauzo yakakamilika. Mwenye majengo akadai kwamba kwa kuwa siku ya malipo haikutajwa, hakukuwa na mkataba. Majaji walisema mtu wa kawaida angeelewa tu kwamba kamisheni inalipwa mauzo yanapokamilika, kutoka kwenye fedha za mauzo. Dalali alishinda, ila alishakatwa theluthi moja kwa kuchelewa kumpa mteja masharti kwa maandishi kama sheria ya kule inavyotaka. Ushindi wa namna hiyo nao una uchungu wake.

Kwa hiyo dalali wetu wa ghala, mwenye ujumbe wa simu tu, asikimbilie kudai jioni ileile ya sahihi. Haki yake ipo, lakini itaiva mnunuzi atakapolipa.

Dhana: Mwenye mali akijitoa, dalali hulipwa fidia

Inategemea kajitoa lini. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua shauri la kampuni ya Luxor ya Eastbourne. Dalali aliahidiwa pauni 10,000 kama majumba ya sinema yangeuzwa kwa mnunuzi aliyemleta. Mnunuzi alipatikana, akiwa tayari na mwenye uwezo, lakini wenye majumba wakaghairi kabla ya mkataba wowote kusainiwa. Dalali hakupata kitu. Jaji mmoja alikumbusha kwamba kiasi hicho kilikuwa sawa na mshahara wa mwaka mzima wa Lodi Chansela, kiongozi wa majaji wa Uingereza enzi hizo, kwa kazi ya siku nane au tisa. Anayecheza kwa zawadi kubwa hivyo anabeba na hatari yake. Ni kauli kali, lakini naona ina haki.

Mkataba ukishasainiwa mambo yanageuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ilishughulikia mauzo ya saruji: dalali alimleta mnunuzi, mkataba ukafungwa, kisha muuzaji akashindwa kuutimiza. Mahakama ilisema muuzaji haruhusiwi kuvunja mkataba wake na mnunuzi na kwa njia hiyo kumnyima dalali kamisheni yake. Fidia ikatolewa. Hapo sahihi ilikuwa na uzito: haikufanya kamisheni iive, lakini ilimfunga muuzaji asirudi nyuma bure.

Mnunuzi ndiye akishindwa kulipa, hali ya dalali ni mbaya zaidi, maana muuzaji hakukosa lolote. Isipokuwa kama makubaliano yalisema kamisheni inalipwa kwenye sahihi.

Dhana: Muda wa makubaliano ukiisha, kila mtu huru

Si lazima. Mnunuzi aliyeletwa ndani ya muda anaweza kumpa dalali haki hata akisaini baada ya muda kwisha, uzi wa mazungumzo ukiwa haujakatika. Lakini kuthibitisha hilo ni kazi, na ndiyo maana madalali wazoefu huweka kipengele kinachosema mnunuzi yeyote waliyemtaja kwa maandishi, akinunua ndani ya muda fulani baada ya makubaliano kwisha, tuseme miezi sita, kamisheni inalipwa. Neno zito hapo ni "waliyemtaja kwa maandishi". Dalali wa ghala angemwandikia mwenye ghala Machi: jina la mnunuzi, tarehe ya kutembelea, ofa aliyotoa. Mistari mitatu ingetosha.

Mwenye mali naye anahitaji karatasi hiyo kuliko anavyodhani. Akisaini na dalali wa pili bila kujua nani alishaletwa na nani, anaweza kujikuta ameahidi kamisheni mara mbili kwa mnunuzi mmoja, na kama kila makubaliano yametimizwa kwa maneno yake yenyewe, kulipa dalali mmoja hakumfutii deni la mwingine.