Kaulimbiu ya huduma ya gesi ya kupikia: maana yake na namna ya kuipima

Kaulimbiu ya huduma ya gesi ni sentensi fupi inayomtajia mteja jambo moja ambalo huduma hiyo itamfanyia kila mara, jambo ambalo yeye mwenyewe anaweza kuliona likifanyika. Wengi huishia kwenye nusu ya kwanza ya maana hiyo. Wanaandika “Usalama wako, kipaumbele chetu”, wanaibandika kwenye boksi la pikipiki, wanaona kazi imekwisha. Sentensi hiyohiyo unaweza kuihamishia kwenye basi la mikoani au kampuni ya ulinzi bila kubadilisha herufi. Haisemi chochote kuhusu mtungi, na mama anayesubiri gesi huku maharage hayajaiva hana namna ya kujua kama imetimizwa au la.

Kaulimbiu isichanganywe na jina la duka, wala na tangazo la bei. Jina linasema wewe ni nani. Bei inabadilika soko linapobadilika. Kaulimbiu inakaa palepale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo inabeba kile tu ambacho hakitegemei bei ya meli iliyoshusha gesi bandarini. Kwa gesi ya nyumbani, mambo hayo ni mawili: mtungi umefungwa bila kuvuja, na umefika saa uliyoambiwa.

Kabla ya kutunga lolote, lazima ujue unauza nini hasa. Mitaani tunasema “kujaza gesi”, lakini muuzaji wa kawaida Dar es Salaam au Nairobi hajazi kitu. Anachukua mtungi wako mtupu na kukupa mwingine uliojazwa kiwandani. Kwa sababu hiyo kaulimbiu kama “Tunajaza mtungi wako hapohapo mlangoni” ni hatari, hata kama aliyeitunga alikuwa anatafuta maneno matamu tu. Kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo nyuma ya duka ni kosa mbele ya mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya, tena ndiko kunakozaa mitungi iliyopunjwa na valvu zilizochokozwa. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024 ulitokea kwenye eneo la kujazia gesi ambalo EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi yake ya kibali cha ujenzi. Mteja aliyesikia habari ile akisoma “hapohapo mlangoni” atawaza mambo mengine kabisa.

Na kwa kuwa ni kubadilishana, mtungi unaoingia jikoni leo si ule ulioondoka. Umepita nyumba nyingine na mikono mingine. Ndiyo maana kila unapobadilishwa unastahili kukaguliwa upya, na hapo ndipo malighafi ya kaulimbiu nzuri ilipo.

Tuchukue muuzaji wa kufikirika wa Tabata, mwenye pikipiki moja na kijana mmoja wa kupeleka mitungi. Rasimu yake ya kwanza ni “Gesi salama asilimia 100, chap kwa haraka”. Ina makosa mawili yanayofaa kuchambuliwa taratibu.

La kwanza ni hiyo asilimia 100. Usalama wa gesi jikoni una sehemu mbili, na muuzaji anaishika moja tu. Yeye anaweza kusimamia lakiri, ile plastiki inayofunika mdomo wa mtungi, anaweza kusimamia uzito, na anaweza kusimamia namna regulata inavyofungwa siku ile. Hawezi kusimamia mpira wa gesi ambao mteja ameutumia miaka mingi hadi umepasuka pale kwenye mkunjo, wala dirisha lililozibwa kwa kabati. Akiahidi matokeo, siku moja atavunja ahadi kwa kosa ambalo si lake. Akiahidi kitendo, ahadi inabaki mikononi mwake. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo kanuni moja ya kushika katika kazi nzima ya kutunga kaulimbiu za usalama: taja utakachofanya, usitaje kitakachotokea.

La pili ni “chap kwa haraka”. Haraka na usalama zinagombana kwenye pikipiki. Mtungi wa kilo 15 ukijaa unafika karibu kilo 30, kwa sababu chuma chenyewe kina uzito unaokaribiana na gesi iliyomo. Unatakiwa usafiri ukiwa wima. Chini kuna gesi ya kimiminika, juu kuna mvuke, na valvu ya usalama imewekwa iachie mvuke presha ikizidi. Ukiulaza, kimiminika kinafika kwenye valvu, na kimiminika kikitoka hupanuka kuwa mvuke zaidi ya mara 200 ya ujazo wake. Kijana aliyeambiwa na kaulimbiu kwamba afike chap ataulaza mtungi ili aukamate kwa goti, kisha akifika ataruka ukaguzi ili akimbilie oda nyingine.

Isitoshe, mteja wa gesi hahitaji sana haraka kama anavyohitaji uhakika. Gesi huisha bila taarifa, mara nyingi jioni, na anayepika anataka kujua kitu kimoja: nisubiri, au niwashe mkaa? Akiambiwa saa moja jioni na mtungi ukaingia saa moja jioni, hana malalamiko. Akiambiwa “nakuja sasa hivi”, ukaingia baada ya nusu saa, amekasirika, ingawa huenda huo wa pili ndio uliofika mapema kuliko wa kwanza. Kwa hiyo neno la uaminifu ni mahali na saa, si kasi. Na kwa kuwa saa hubadilika kwa kila oda, isemwe kwenye simu. Kaulimbiu ibebe mahali: hadi jikoni, si getini, si ghorofa ya chini.

Sasa usalama. Ni kitendo gani kimoja ambacho kijana anaweza kukifanya mbele ya mteja, kinachukua dakika chache, na mteja asiye fundi anakielewa kwa macho? Kupima uzito ni kizuri. Ubavuni au kwenye kola ya mtungi pamechorwa uzito wa chuma kitupu. Pakiandikwa 15.4 kwenye mtungi wa kilo 15, mizani isome 30.4. Lakini hiyo inathibitisha kwamba hukupunjwa, haithibitishi kwamba hakuna uvujaji.

Kinachothibitisha uvujaji ni povu la sabuni. Regulata ikishafungwa, vitufe vya jiko vikiwa vimezimwa vyote, unafungua gesi, unapaka maji ya sabuni pale regulata inaposhika valvu, kisha ncha zote mbili za mpira, na unatazama kwa dakika moja hivi. Mapovu yaliyotulia ni sabuni tu. Mapovu yanayozaliwa na kukua palepale ni gesi inatoka. Kwenye mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake moja kwa moja, hakuna mpira. Unapaka kwenye ile shingo jiko linapokazwa. Pua inasaidia pia, kwa kuwa gesi huongezwa harufu kali makusudi. Lakini gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, na uvujaji mdogo unaweza kujikusanya chini ya kaunta kabla pua iliyo juu haijaushtukia.

Kwa hiyo muuzaji wetu ana mahali, jikoni, na ana kitendo, povu kabla ya moto. Akiviunganisha anapata:

“Mtungi hadi jikoni, povu kwanza kisha moto.”

Isome kwa sauti. Kila kipande kina mizani 8, kama ukwapi na utao wa mshororo wa shairi la kawaida, na sikio la Mswahili limeuzoea mwendo huo tangu darasani. Hakuna vina vya kulazimisha, na sidhani vinahitajika. Mtoto aliyetumwa kupiga simu anaweza kuishika baada ya kuisikia mara moja. Hakuna neno “salama” ndani yake, wala “uhakika”, wala “bora”, lakini vyote vimo.

Ina udhaifu mmoja ambao vijana wataudaka upesi: mtaani, kutoa povu ni kufoka. Watatania. Mimi ningeuacha utani huo uishi, kwa sababu anayetania kaulimbiu ameikariri. Anayeogopa anaweza kuandika “sabuni kwanza kisha moto”, akapoteza mizani kwa silabi moja na akapata sentensi butu kidogo.

Ahadi ya namna hii ina gharama, na isipolipwa inamgeuka mwenyewe. Kijana lazima awe na chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni, na awe na raba za akiba, zile pete ndogo zinazokaa mdomoni mwa valvu, kwa kuwa pete iliyopasuka au kukosekana ni sababu ya kawaida ya povu kukua. Oda moja inaongezeka dakika tano hivi, kwa hiyo saa anayotajiwa mteja izihesabu hizo tangu mwanzo. Pikipiki iwe na kishikio cha kusimamisha mtungi. Kama mwenye duka hayuko tayari kwa hayo, ni heri aandike namba ya simu peke yake.

Faida yake ni kwamba mteja anakuwa msimamizi. Kijana akiondoka bila kupaka sabuni, mama atapiga simu kuuliza mbona hakuona povu. Simu hizo ndizo kipimo cha kaulimbiu: zikija, watu wameisoma na wameielewa. Miezi ikipita na hakuna anayeuliza, ama kijana ni mwaminifu kupindukia, ama hakuna aliyeishika. Ni rahisi kujua ni lipi, waulize wateja watano kaulimbiu inasemaje.

Kuna siku povu litakua na halitakoma. Kijana anafunga valvu, anavua regulata, anabadilisha pete, anapima tena. Kama linatoka kwenye mpira wa mteja, hawashi jiko, na anamwambia mteja anunue mpira mpya kwanza. Kama valvu yenyewe inavuja hata ikiwa imefungwa, mtungi unatolewa nje, unasimamishwa kwenye hewa wazi mbali na moto, milango inaachwa wazi, hakuna anayegusa swichi ya taa, na anayekuja kuuchukua ni wakala wa kampuni yenye mtungi, si pikipiki. Mteja anapewa mwingine bila kudaiwa nauli ya pili. Nauli hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo, kwa sababu kijana anayejua itakatwa kwenye posho yake atalitazama povu na kusema ni sabuni tu.