Mapigo ya haraka na hafifu kwa mfanyakazi wa juani: yanamaanisha nini na aliye karibu afanye nini

Kuanzia Januari hadi Machi, joto la Dar es Salaam huambatana na unyevu mwingi hewani, na unyevu huo ndio unaowaumiza zaidi watu wanaofanya kazi za nguvu juani. Jasho humpoza mtu pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hutiririka na kudondoka chini bila kumpunguzia joto, huku mwili ukiendelea kupoteza maji na chumvi. Nikiwa tabibu wa kitengo cha dharura, huwapokea vibarua wa ujenzi walioletwa katika hali hiyo, na mara nyingi wenzao huniambia kwamba walimshika mkono wakaona mapigo yanakwenda mbio lakini kwa shida, wakaamini kwamba ni moyo au presha. Nitaeleza hapa mapigo hayo yanatokana na nini, yanasema nini na yasichoweza kusema.

Mwili unapopata joto, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka ili damu ipeleke joto nje. Wakati huohuo misuli inayofanya kazi nayo inadai damu yake, na jasho, ambalo kwa mtu anayebeba zege juani linaweza kuzidi lita moja kwa saa, linapunguza ujazo wa damu yenyewe. Kwa hiyo damu inayorudi kwenye moyo inakuwa kidogo, na kila pigo linasukuma kiasi kidogo kuliko kawaida. Moyo hufidia upungufu huo kwa kupiga mara nyingi zaidi. Ndiyo maana ukimshika mtu huyo kwenye kifundo cha mkono unahisi mapigo mengi, membamba, yanayopotea ukikandamiza kidogo tu.

Kuyapima hakuhitaji kifaa. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya shina la kidole gumba cha mgonjwa, na usitumie kidole gumba chako kwa sababu kina mapigo yake. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Aliyetoka kubeba karai sasa hivi atakuwa na zaidi ya hapo hata kama ni mzima, kwa hiyo hesabu ya kwanza pekee haitoshi. Kinachofaa kujua ni kama mapigo yanashuka baada ya kulazwa kivulini.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 25, saidia fundi, ambaye yuko siku yake ya pili kazini. Siku za mwanzo ni za hatari hasa, kwa kuwa mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya joto. Slabu inamwagwa, kazi haiwezi kusimama, na ilipofika saa saba mchana anaketi ghafla akilalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ngozi yake imelowa jasho, mapigo yake ni 136 na ni hafifu, lakini akiulizwa jina lake, mahali alipo na siku ya leo, anajibu sawasawa. Hali hii ni uchovu wa joto. Wenzake wamlaze kivulini, wamvue kofia ngumu, viatu na shati, wainue miguu yake juu ya mfuko wa saruji ili damu irudi kwenye moyo, wammwagie maji na kumpepea, na wampe maji anywe kidogo kidogo. Maji yenye sukari na chumvi ni bora zaidi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kama alikuwa amefunga, huyu sasa ni mgonjwa na anapaswa kufungua. Mapigo yahesabiwe tena kila baada ya dakika 10; yakishuka na kujaa, naye akajisikia nafuu, tiba inafanya kazi. Ikipita nusu saa bila nafuu, au akitapika kila anachokunywa, apelekwe hospitali.

Sasa tuseme kwamba katika dakika ya ishirini kijana yuleyule anaanza kutaja mji mwingine anapoulizwa yuko wapi, anawasukuma wanaomshika na maneno yake yanaburuta. Hapo ndipo fomani husema, "Huyu ameamkia pombe," na hapo ndipo maisha hupotea. Joto limefika kwenye ubongo, na hicho ni kiharusi cha joto, hata kama bado anatokwa na jasho na hata kama mapigo yake yamebadilika yakawa yenye nguvu. Kwa watu waliokuwa wakifanya kazi nzito, ngozi mara nyingi huwa imelowa, na mapigo yanaweza kuwa ya nguvu mwanzoni kabla ya kudhoofika. Mapigo hukuonyesha kwamba mwili unaelemewa. Akili ya mgonjwa ndiyo inayokuonyesha kwamba hakuna muda tena. Msiutegemee upimaji wa joto kwapani, kwa sababu ngozi iliyolowa husomeka chini kuliko joto la ndani, ambalo huenda limevuka nyuzi 40.

Mmoja apige simu na kutafuta gari, wengine waanze kumpoza papo hapo bila kusubiri gari hilo. Maeneo mengi ya ujenzi yana turubai na pipa la maji, na vitu hivyo vinatosha. Mlazeni juu ya turubai, watu wanne wainue kingo zake liwe kama hodhi, kisha mimineni madumu sita au saba ya lita 20 na barafu yoyote iliyopatikana kwa muuza maji wa jirani. Mtu mmoja amshike chini ya makwapa ili kichwa kisizame, wengine wayakoroge maji, kwa maana maji yaliyotulia yanayoigusa ngozi hupata joto haraka. Maji ya bomba yasiyo na barafu hupoza polepole zaidi, lakini bado ni baridi kuliko mwili wake. Endeleeni mpaka akili irudi au aanze kutetemeka kwa baridi. Barafu ya kuweka shingoni na kwapani peke yake ni msaada mdogo mno. Ndani ya gari, nguo zilowe na madirisha yawe wazi.

Aliyechanganyikiwa asipewe kitu chochote kinywani, kwa kuwa kinaweza kuingia kwenye mapafu. Akitapika, mlazeni ubavu. Parasetamoli na aspirini haziwezi kushusha joto la aina hii, na zinaweza kuliumiza ini au kuzidisha kuvuja damu. Akiwa haitiki na hapumui kawaida, msipoteze muda kutafuta mapigo: mtoeni majini, mbonyezeni katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Aliyepata kiharusi cha joto lazima afike hospitali hata kama amezinduka na kuomba kurudi nyumbani. Aliyepata uchovu wa joto na kupona hapohapo asirudi juani siku hiyo, na kesho yake aangalie mkojo wake: ukiwa na rangi ya chai ya rangi au ukiwa kidogo sana, huenda misuli imeumia na figo ziko hatarini, kwa hiyo aende hospitali akapimwe damu.