Gawanya Faida Iliyo Yako, kwa Bei ya Leo

Mzee mmoja ambaye huniagiza nimnunulie hisa alinipigia siku moja akiwa na furaha. "Binti yangu, P/E yangu ya Safaricom ni 3! Hiyo hisa ni rahisi kuliko mandazi." P/E ni uwiano wa bei ya hisa kwa faida ya mwaka ya kila hisa. Siku hiyohiyo kijana mmoja alinitumia hesabu yake ya kampuni ileile, mwaka uleule, akapata 16 na kuapa kwamba hisa ni ghali. Wote wawili walikuwa na ripoti ya mwaka mkononi, na wote wawili wamekosea. Makosa haya mawili nimeyasahihisha mara nyingi mno kwenye simu, kwa hiyo leo nayaandika.

Nianze na kijana, kwa kuwa kosa lake ndilo linalonikera zaidi. Alifungua ripoti ya Safaricom ya mwaka ulioishia Machi 2024, akashuka hadi kwenye faida ya mwaka baada ya kodi, akakuta shilingi bilioni 42.66. Hisa za kampuni ni bilioni 40.065, na hazijabadilika kwa miaka mingi. Akagawanya, akapata shilingi 1.06 kwa hisa. Bei aliyoitumia ni shilingi 17, bei ya soko ya wakati huo, hivyo 17 gawanya kwa 1.06 ikampa 16.

Kugawanya kwake hakuna kasoro. Kasoro ni kwamba aliacha kusoma mstari mmoja mapema. Chini ya faida hiyo ya bilioni 42.66 kuna mistari miwili inayosema faida ni ya nani: sehemu ya wamiliki wa kampuni mama, na sehemu ya wanahisa wengine walio ndani ya kampuni tanzu. Mwaka huo sehemu ya wamiliki wa kampuni mama ilikuwa bilioni 62.99. Ndiyo, kubwa kuliko faida yote. Hapo ndipo watu hudhani mpiga chapa amekosea, wakarudi juu kwenye ile namba ndogo.

Hakuna aliyekosea. Safaricom ilianza kutoa huduma Ethiopia mwaka 2022, na mwaka huo kampuni ya huko ilikuwa bado inakula hasara ya kujenga minara na kutafuta wateja. Lakini Ethiopia si ya Safaricom peke yake. Safaricom inamiliki kidogo zaidi ya nusu, na iliyobaki iko mikononi mwa washirika kama Sumitomo ya Japani na Vodacom. Kwa sababu Safaricom ndiyo yenye usukani, sheria za uhasibu zinaitaka iingize hasara yote ya Ethiopia kwenye vitabu vya kundi, hata ile isiyo yake. Kisha, chini kabisa, wahasibu wanawarudishia washirika mzigo wao. Mwaka huo mzigo wa washirika ulikuwa kama bilioni 20, na hiyo ndiyo tofauti kati ya 42.66 na 62.99.

Wewe uliyenunua hisa Nairobi hukununua hasara ya Sumitomo. Kwa hiyo gawanya bilioni 62.99 kwa bilioni 40.065, upate shilingi 1.57. Ukitaka kujihakikishia, tazama mwisho wa taarifa hiyohiyo ya faida na hasara: kampuni imekwisha kukufanyia hesabu na kuandika 1.57. Ukiona namba yako haifanani na yao, tafuta kwanza kosa lako. Kwa bei ya 17, uwiano ni 10.8. Tofauti ya 16 na 10.8 si ya kupuuza. Mtu anaweza kuikimbia hisa kwa sababu yake.

Kampuni isiyo na tanzu za ubia haina tatizo hili. Ikiwa kampuni imetoa hisa mpya katikati ya mwaka, tumia wastani wa hisa ambao ripoti inautaja, si idadi ya siku ya mwisho.

Sasa turudi kwa mzee. Yeye alikuwa na 1.57 sahihi kabisa. Alinunua hisa zake mwaka 2008, serikali ilipouza sehemu ya hisa zake kwa umma kwa shilingi 5 kwa hisa, na hajauza hata moja. Akagawanya 5 kwa 1.57, akapata 3.2.

Nilimuuliza, "Mzee, leo mtu akitaka hisa yako utampa kwa 5?"

"Kwa nini nimpe kwa 5? Bei ni 17!"

"Basi wewe mwenyewe unashikilia kitu cha 17, si cha 5."

Alinyamaza kidogo, akasema atanipigia tena.

Uwiano huu unajibu swali moja: sokoni leo, watu wanalipa shilingi ngapi kwa kila shilingi moja ya faida? Shilingi 5 za mwaka 2008 hazimo katika swali hilo. Gharama yake ya ununuzi inajibu swali jingine, nalo ni halali: uamuzi wangu wa zamani umenilipa vipi? Kwa swali hilo, mzee amefanya vizuri sana. Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa, yaani asilimia 24 ya alichotoa mfukoni, kabla ya kodi. Ila akitumia 3.2 hiyo kuamua kuongeza hisa nyingine, atakuwa analipa 17 huku akijidanganya analipa 5.

Gharama ya mnunuzi inaingia kwenye uwiano pale tu unaponunua leo, na hapo iingize yote. Tuseme ada za dalali na za soko zinafika asilimia 2. Hisa ya 17 inakugharimu 17.34, na uwiano wako unapanda hadi 11. Ni tofauti ndogo kwa anayekaa na hisa miaka kumi, lakini kwa anayenunua na kuuza kila mwezi inarudi kila mara, kwenda na kurudi.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sijalimaliza. Ukiitoa Ethiopia yote na kutazama biashara ya Kenya peke yake, faida ya mwaka huo ilikuwa kama bilioni 84.7. Hiyo ni shilingi 2.11 kwa hisa, na kwa bei ya 17 uwiano unashuka hadi 8. Wachambuzi wengine wanaipenda namba hiyo, wakisema hasara za Ethiopia ni za muda. Huenda wako sahihi. Lakini fedha zinazozamishwa kule zinatoka kwenye faida ya huku, na washirika wakichoka kuchangia, mzigo unaweza kuhamia kwa mwenye usukani. Tena Ethiopia iliiachia sarafu yake, birr, ishuke mwishoni mwa Julai 2024, miezi minne baada ya vitabu kufungwa, kwa hiyo ile 1.57 haikujua lolote kuhusu pigo hilo.

Kwenye daftari langu nimeandika 10.8 kwa wino na 8 kwa penseli pembeni. Ile 16 ya kijana nimemrudishia, nikampigia mstari mwekundu chini ya bilioni 62.99. Mzee bado hajapiga.